Soko la DNB: piga hesabu ya odi kabla ya kuweka dau

Katika soko linaloandikwa DNB, yaani Draw No Bet, kwenye skrini ya kampuni ya kubashiri unachagua timu moja kati ya mbili: ikishinda unalipwa, ikifungwa dau limekwenda, na mechi ikiisha sare unarudishiwa dau lako lote. Kwa muda mrefu niliyachukulia marejesho hayo kama zawadi, mpaka nilipokaa na kalamu nikaona kwamba mchezaji huyalipia mwenyewe kupitia odi iliyopunguzwa.

Chukua mechi ambayo mwenyeji amepewa odi ya 2.10, sare 3.40 na mgeni 3.60. Ukiwa na 1,000, unaweza kujitengenezea DNB yako: gawanya 1,000 kwa 3.40, upate 294, uziweke kwenye sare, kisha 706 zinazobaki uziweke kwa mwenyeji. Ikitoka sare, 294 mara 3.40 zinakurudishia zile 1,000, na mwenyeji akishinda, 706 mara 2.10 zinakupa takriban 1,482, yaani odi ya 1.48.

Hiyo 1.48 ndiyo sakafu yangu. Kampuni ikiniandikia 1.44 kwa mwenyeji huyohuyo, ninagawa dau mwenyewe, kwa sababu matokeo ni yaleyale na malipo ni makubwa zaidi. Lakini mara nyingi soko lenyewe hutoa zaidi ya hapo, kwani ukigawa dau unabeba faida ya kampuni iliyofichwa hata ndani ya odi ya sare. Ili kujua dari iko wapi, gawanya odi ya mwenyeji kwa odi ya mgeni, kisha ongeza 1: 2.10 kwa 3.60 ni 0.58, hivyo bei isiyo na makato ya kampuni ingekuwa karibu 1.58, ikiwa makato hayo yamegawanywa kwa uwiano uleule pande zote mbili. Nikikuta 1.53 ninaichukua bila kusita, ikikaribia 1.48, ninajua kwamba ninalipa bei ghali.

Jambo lililoniumiza lilikuwa la dakika. Niliweka dau kwa timu katika mechi ya mtoano, ikamaliza dakika 90 kwa 1-1, ikafunga katika muda wa nyongeza na kusonga mbele, nami nikarudishiwa dau tu. Nililalamika, nikaonyeshwa kanuni, na nilikuwa nimekosea: soko hili kwa kawaida huhesabu dakika 90 pamoja na zile za majeruhi, si zaidi. Anayetaka timu ipite kwa njia yoyote atafute soko la kufuzu, ambalo lina odi yake.

Kwenye mkeka, yaani dau moja lenye mechi kadhaa, hakuna fedha inayorudi kwa mechi moja iliyotoka sare. Mechi hiyo huhesabiwa kwa odi ya 1.00 na mkeka unaendelea. Mkeka wa 1.53, 1.60 na 1.70 una odi ya 4.16, lakini ile ya kwanza ikitoka sare unabaki na 2.72, na mechi mbili zilizobaki bado zinaweza kukuchania mkeka wote.