Bosi ananisainisha mzigo ambao sijauhesabu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro. Gari la saruji likifika, msimamizi wangu ananiambia, "Saini haraka, dereva ana safari." Mwezi uliopita mifuko ilipungua, nikakatwa mshahara. Nikitaka kumpinga ulimi unakuwa mzito, maana ni mkali kweli. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu.

Nilimfahamu binti mmoja, karani kama wewe, ambaye bosi wake alikuwa anagonga meza akiulizwa swali. Hakuanza kwa kubishana. Siku ya kwanza alisaini kama alivyoamriwa, ila pembeni ya saini akaandika kwa mkono: "Mzigo haujahesabiwa." Bosi hata hakutazama.

Gari lililofuata alijitutumua: "Mzee, naomba dakika chache nihesabu." Akafokewa mbele ya wapakuzi, akasaini huku mikono inatetemeka, na maneno yake ya pembeni akayaandika vilevile. Wengi huishia hapo. Yeye alirudia ombi lilelile, kwa sauti ileile, kila gari lilipoingia, mpaka siku moja bosi akachoka, akamwambia ahesabu basi.

Alipanga mifuko kumikumi. Karatasi ilisema 200, chini ilikuwepo 188. Akaandika kwenye karatasi ya dereva na kwenye nakala ya stoo: "Imepokelewa 188, pungufu 12." Kisha akamwomba dereva asaini hapohapo, na hilo ndilo jambo kubwa, kwa sababu gari likishaondoka bila saini ya dereva, upungufu unahesabika umetokea stoo. Jioni bosi akamtaka aandike 200 kwenye leja. Akajibu: "Hapana mzee. Ukitaka ibadilike, andika wewe na usaini, mimi nitaambatanisha." Bosi hakuandika. Alimnunia muda mrefu, sikufichi.

Wewe anza na yale maneno ya pembeni. Na usipinge kila kitu. Akikutuma ufagie stoo au akubadilishie zamu, nenda. Simama pale jina lako linapowekwa chini ya idadi usiyoijua.

Kuhusu makato, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata kwa hasara hivihivi tu. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, na akupe nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa hiyo mwandikie barua fupi, bila lawama, ukiomba hesabu ya makato ya mwezi ule. Mpe ya kwake, asaini kuwa ameipokea, na nakala yako kaiweke nyumbani, si kwenye droo ya stoo.