Siku tano za msiba zilizonifanya mkaazi wa kodi

"Nimerudi jumla kutoka Muscat, Agosti 20. Mpaka Desemba sifikishi siku 183. Mshahara wa huko unanihusu TRA?"

Mkuu, usianze na siku. Anza na nyumba. Kama una makazi ya kudumu Tanzania, sheria ya kodi ya mapato inakuhesabu mkaazi wa mwaka ule hata ukija wiki moja tu, na mkaazi anatozwa hata kwa kipato cha nje. Ukishajenga Chanika na mke na watoto wanakaa humo, kuhesabu mihuri ya pasipoti hakukusaidii kitu.

Mimi sikuwa na nyumba; nilikuwa nimerudisha chumba cha kupanga na nikija nafikia kwa dada. Kwangu siku ndizo zilizoamua, na wengi tunasimama kwenye zile 183 za mwaka mmoja, ambazo ukizifikisha unakuwa mkaazi, tukidhani hesabu imeisha. Haijaisha. Kuna kipimo cha miaka mitatu: kama ulikuwepo nchini mwaka huu na katika kila mmoja wa miwili iliyotangulia, na wastani ukazidi siku 122 kwa mwaka, wewe ni mkaazi. Jumla ya 366 inakuacha nje, 367 inakuingiza.

Mwaka 2021 mkataba wangu wa kwanza uliisha, nikakaa nyumbani kuanzia Julai 14 hadi Desemba 31, siku 171. Mwaka 2022 nilikuja likizo ya siku 60. Mwaka 2023 nilirudi jumla Agosti 20 kama wewe, siku 134 hadi mwisho wa mwaka. Jumla 365, wastani 121 na ushee. Nilipumua.

Halafu nikaitoa pasipoti ya zamani, ile iliyojaa kurasa. Humo mlikuwa na muhuri wa 2022 niliousahau: nilikuja kumzika baba, siku tano. Jumla ikawa 370, wastani 123. Ukaazi wa Tanzania ni wa mwaka mzima, hauanzi siku uliyotua, kwa hiyo mshahara wa Januari hadi Agosti 2023 nao ukaingia kwenye kodi. Na kwa kuwa Oman haikunikata kodi ya mshahara, sikuwa na kodi ya huko ya kupunguzia ya hapa. Iliniuma sana, maana fedha zile nilishanunulia mabati.

Akiba ya 2021 na 2022 haikuguswa, kwa sababu miaka ile sikuwa mkaazi na kipato chake kilitoka nje. Kuihamishia benki ya hapa hakukuigeuza kuwa mapato mapya.

Kwa hiyo toa pasipoti zote mbili, andika kila kuingia na kutoka kwa miaka mitatu, pamoja na safari fupi za msiba na harusi. Siku ya kufika na ya kuondoka mimi nilizihesabu zote, nisije nikapungukiwa mbele ya afisa. Kama kuna mwaka mmojawapo kati ya miwili iliyopita ambao hukukanyaga nchini kabisa, kipimo cha wastani hakikuhusu. Mwaka jana na juzi ulikuja siku ngapi?