Ndoto moja, swali moja: nilivyoipima ofa ya kazi ya Arusha

Mwezi Oktoba mwaka 2023, nikiwa mhasibu katika ofisi ndogo hapa Moshi, nilipata ofa ya kazi katika kampuni ya utalii iliyoko Arusha. Mshahara wangu wa wakati huo ulikuwa shilingi 900,000 kwa mwezi kabla ya makato, na wao walikuwa wanatoa 1,300,000. Nilipewa siku kumi za kujibu. Usiku wa tatu niliota ndoto ambayo hadi leo naikumbuka vizuri, na ninaandika hapa namna nilivyoitumia, kwa sababu najua wengi wetu huota wakati kama huo, kisha ama tunaificha ndoto kwa aibu, ama tunaiachia iamue kila kitu.

Jambo la kwanza nililofanya, na ambalo nashukuru nililifanya kabla ya kuota, ni kuandika hesabu. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa wa ofa peke yake. Kwa mshahara wa 900,000, nikitoa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mshahara, nilikuwa nabaki na 729,500 mkononi. Kwa ule wa 1,300,000 ningebaki na 991,000. Kwa hiyo ile tofauti ya laki nne iliyokuwa ikinipa tabasamu, ikishafika mfukoni, inakuwa 261,500 tu. Hapo bado sijahama. Chumba na sebule maeneo ya Sakina kilikuwa kinanizidishia kodi ya nyumba kwa 130,000 ikilinganishwa na nilikokuwa nakaa Majengo. Ndizi, maharage na maziwa ambavyo mama hunipa kutoka kihambani Kibosho ningelazimika kuvinunua, nami nikakadiria 60,000. Nauli ya kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, pamoja na visukari na sabuni ambavyo mtu hawezi kwenda kwa wazazi bila kuvibeba, nikaiwekea 40,000. Jumla ya ongezeko la matumizi ni 230,000, na faida halisi ya kuhama ikabaki 31,500 kwa mwezi, yaani 378,000 kwa mwaka. Ilikuwa faida ndogo, lakini ilikuwa faida, na kazi yenyewe ilikuwa na cheo kikubwa zaidi.

Nasisitiza kwamba hesabu itangulie, kwa sababu mtu akishaota, hata namba huanza kuandikwa kwa mkono wa ile ndoto. Aliyeota vibaya huikadiria nauli juu, na aliyeota vizuri husahau kabisa kwamba maziwa yananunuliwa.

Ndoto yenyewe ilikuja kama saa 11 alfajiri. Hilo si ajabu, kwani sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi na zenye picha kali huwa ndefu zaidi kuelekea asubuhi, na ndiyo maana ndoto tunazoamka nazo huonekana kubwa kuliko za usiku wa manane. Nilijiona niko Arusha, katika uwanja wa kuegesha magari ya watalii. Magari yalikuwa yamepangwa mstari, yote yamefungwa, na majani mabichi yalikuwa yameota hadi usawa wa matairi. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, natafuta mtu wa kunisainia hati ya malipo, na kila mlango niliougonga ulikuwa hauna mtu. Sikuogopa. Nilijisikia mpweke na nimechelewa.

Nililiweka hilo kwenye daftari kabla sijashika simu na kabla sijamwambia mtu yeyote. Ndoto hufutika haraka sana, mara nyingi ndani ya dakika chache baada ya kuamka, na nafasi inayoachwa na kilichofutika hujazwa na maneno ya watu. Andika kama unavyosimulia tukio: nipo wapi, naona nini, nafanya nini, najisikiaje. Usiandike maana. Chini yake niliongeza mstari mmoja kuhusu hali ya mwili wangu, kwamba sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa pombe, na sikuwa natumia dawa. Homa, pombe na baadhi ya dawa hufanya ndoto ziwe kali bila sababu nyingine yoyote, na ndoto ya namna hiyo mimi siipi hata mstari mmoja katika kuamua.

Kwamba nilikuwa sahihi kuandika kwanza, nililigundua siku hiyohiyo. Mchana nilimpigia mama, naye akaniambia, "Mwanangu, majani mabichi ni kaburi. Usiende." Jioni mfanyakazi mwenzangu akaniambia majani mabichi ni neema, na kwamba niende haraka. Wote wawili wananipenda, na wote walisema kwa uhakika uleule. Hapo ndipo nilipokubali kwamba kamusi ya ndoto haiwezi kunisaidia, kwa sababu kila mtu ana yake.

Aliyenisaidia ni ustadhi mmoja jirani yangu, mzee wa watu, ambaye sikumwendea kwa tafsiri bali tulikutana tu kisimani. Aliniambia, "Binti yangu, kwetu tumefundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu: ipo inayotoka kwa Mwenyezi Mungu, ipo ya shetani, na ipo ambayo ni nafsi inazungumza na mwenyewe. Nyingi tunazoota ni hizo za nafsi." Akaongeza kwamba hata swala ya istikhara, ile ya kumwomba Mungu mwongozo kabla ya kuamua jambo, ambayo watu wengi hudhani lazima ijibiwe kwa ndoto, haina sharti hilo. Mimi ni Mlutheri, lakini neno hilo la nafsi kuzungumza na mwenyewe lilinikaa. Kama nafsi inazungumza, basi inazungumza kuhusu kitu inachokijua tayari, na kazi yangu ni kutafuta imekitoa wapi.

Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kuichambua ndoto kipande kwa kipande na kuandika pembeni kila kipande kimetoka wapi katika maisha yangu ya macho. Kalamu na hati ya malipo ni kazi yangu ya kila siku, hicho nilikifuta. Milango isiyo na watu ilinikumbusha kwamba siku ya usaili nilisubiri mapokezi kwa saa nzima. Nacho nikakifuta, kwa kuwa kusubiri usaili ni jambo la kawaida. Majani yalinichukua muda. Nilikaa nayo kama nusu saa ndipo nikakumbuka mwaka 2020, Uviko-19 iliposimamisha safari za wageni, nilipomtembelea kaka yangu aliyekuwa dereva wa watalii. Alinipeleka kwenye uwanja wao wa magari, na majani yalikuwa yameota kweli katikati ya matairi. Kaka alikaa miezi mingi bila mshahara kamili. Nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo tangu nipate ofa, au niseme vizuri zaidi, sikutaka kulikumbuka.

Hapa ndipo ndoto inapofaa. Haikuniambia kwamba kampuni ile itafungwa, na haikujua chochote kuhusu kampuni ile. Ilinirudishia swali ambalo nilikuwa nalo na nilikuwa nimelifukia. Nikaliandika swali hilo kwa namna ambayo mtu au karatasi inaweza kulijibu kabla ya siku zangu kumi kwisha: "Katika miezi ya masika ambayo wageni huwa wachache, mfanyakazi analipwaje?" Swali kama "Je, kazi hii ina baraka?" halifai kwa kazi hii, kwa sababu hakuna ofisi inayoweza kulijibu, na utabaki unaota ndoto nyingine ili kulijibu.

Nilirudi kwenye rasimu ya mkataba nikiwa na swali hilo, nikaona kifungu nilichokuwa nimekisoma bila kukisoma: mshahara unaweza kurekebishwa kulingana na hali ya biashara. Nikampigia afisa rasilimali watu. Alikuwa mkweli, namshukuru. "Dada, Aprili na Mei huwa tunalipa asilimia 60. Wengi wanajua." Asilimia 60 ya mshahara ule ni 780,000, na baada ya makato ningebaki na 645,600. Upungufu wa 345,400 kila mwezi kwa miezi miwili ni 690,800, wakati faida yangu yote ya mwaka ilikuwa 378,000. Ningehama ili nipoteze 312,800 kwa mwaka.

Kabla sijaamua nilifanya vipimo viwili, na ningeomba anayesoma asiviruke. Cha kwanza ni kuigeuza ndoto. Nilijiuliza: kama ningeota uwanja umejaa wageni na magari yanatoka kwa foleni, je, ningefurahi na kukubali bila kuuliza swali lolote? Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Watafiti Carey Morewedge na Michael Norton, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009, walionyesha kwamba watu huipa ndoto uzito zaidi inapokubaliana na kile wanachokiamini au kukitaka tayari, na mimi nilijiona humo. Kipimo hiki ndicho kinachomkamata mtu anayeitumia ndoto kama kisingizio. Ukiona ndoto nzuri ingekufanya ukubali na ndoto mbaya ingekufanya ukatae, huku karatasi ni ileile, basi ndoto imekalia kiti kisicho chake.

Kipimo cha pili ni kuifuta. Nilichana ukurasa wa ndoto, nikabaki na ukurasa wa hesabu pamoja na jibu la afisa yule, kisha nikajiuliza kama ningeweza kumweleza baba uamuzi wangu bila kutaja kwamba niliota. Niliweza, kwa sentensi mbili. Kama nisingeweza, ningejua kwamba swali bado halijajibiwa na ningeomba siku za ziada.

Njia hii ina mipaka yake. Siku mbili baadaye niliota nyoka kwenye ngazi, nikafuata hatua zilezile, na hakuna swali lililotoka. Hakukuwa na kipande nilichoweza kukiunganisha na ofa, kwa hiyo niliikata kwa mstari na sikuirudia. Ndoto nyingi zitakuwa hivyo. Na mtu ambaye ndoto moja ya kutisha inamrudia usiku baada ya usiku, hasa baada ya ajali au msiba, asiipeleke kwenye daftari la ofa. Huyo amwone daktari kwanza, na uamuzi wa kazi usubiri.

Niliwaandikia nikiomba mkataba utamke kwamba mshahara wa Aprili na Mei hautapungua. Walijibu kwa heshima kwamba hawawezi kuliandika kwa mtu mmoja. Nilikataa ofa siku ya tisa, kwa barua yenye sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa kifungu cha mshahara.