Daraja bovu, na serikali iingilie hadi wapi

> "Wakuu, uhuru hasi na uhuru chanya vinatofautiana wapi hasa? Na mbona mmoja unatumika kuibana serikali, mwingine kuikaribisha?"

Mkuu, anza na mfano wa mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill wa mwaka 1859. Mtu anakaribia kuvuka daraja bovu, hajui kama ni bovu, na muda wa kumwonya haupo. Mill anasema afisa anaweza kumkamata bila kumvunjia uhuru, kwa kuwa alichotaka ni kuvuka, si kutumbukia mtoni. Ila kama kuanguka si hakika, ni hatari tu, mtu mzima mwenye akili timamu aonywe kisha aamue mwenyewe.

Mtetezi wa uhuru hasi, yaani uhuru wa kutozuiwa na wengine, anauliza nani anamzuia huyu mtu. Hapingi kila sheria, ila kila sheria kwake ni uhuru uliopunguzwa, na anayepaswa kujieleza ni serikali. Wa uhuru chanya, yaani uhuru wa kujitawala, anauliza nani anamtawala huyu mtu: yeye mwenyewe, au ujinga, hofu na uraibu? Kizuizi kinaweza kuwa ndani yake.

Sasa geuza mfano. Ameonywa, ameelewa, bado anataka kuvuka. Afisa anamshika na kusema, "Nafsi yako halisi haitaki." Hapo ndipo mwanafalsafa Isaiah Berlin aliposhtuka katika mhadhara wake wa Oxford mwaka 1958. Kusema "angejua, asingetaka" ni dai la kawaida, linapimika: mweleze uone. Kusema "hata sasa hataki, ila hajitambui" ni kumlazimisha mtu huku ukidai umemkomboa. Dalili yake ni rahisi kuiona: muulize afisa, huyu aseme nini ndipo umwachie? Kama kila pingamizi ni ushahidi mwingine kwamba hajitambui, hakuna mjadala tena.

Lakini uhuru chanya una sura nyingine, na watu huzichanganya mno. Mwanafalsafa Mwingereza T. H. Green, mwaka 1881, aliuona uhuru kama uwezo halisi wa kufanya jambo lenye thamani, akatetea sheria za viwandani zilizobana uhuru wa mikataba. Kwa hoja hiyo, kama daraja lile ndilo njia pekee ya kwenda kazini, onyo halimfai kitu. Serikali itoze kodi, ijenge jingine. Berlin hangekataa daraja. Angekataa kuiita kodi uhuru: sema umetoa sehemu ya uhuru kwa ajili ya haki au usawa.

Binafsi naona Berlin ana nguvu zaidi kwenye lile la kwanza, la afisa na "nafsi halisi", kuliko kwenye lile la daraja jipya. Mwanafalsafa Gerald MacCallum, mwaka 1967, alionyesha kwamba kila dai la uhuru lina nafasi tatu: nani yuko huru, dhidi ya kizuizi gani, ili afanye nini. Kwenye daraja jipya, nafasi ya tatu anaijaza msafiri mwenyewe: anataka kufika kazini. Kwa yule afisa, ameijaza afisa, tena kinyume cha maneno ya aliyeshikwa.