Kilemba na pango la mbele: barua niliyomwandikia mwenye fremu

Wiki iliyopita Mzee mmoja wa hapa Moshi alisaini mkataba mpya wa fremu yake karibu na Soko la Mbuyuni, na safari hii alinipigia kabla hajapokea hata shilingi. Nimefurahi kupita kiasi. Mkataba uliotangulia aliwaambia watu kwamba nimekula na mpangaji, na maneno yale yaliniuma, maana yalisemwa mbele ya wateja wangu wengine.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni ya vifaa vya ujenzi ilichukua fremu kwa kilemba, yaani malipo ya mara moja ya kuingilia fremu, cha shilingi 6,000,000, pamoja na pango la 500,000 kwa mwezi. Miaka miwili ililipwa kwa mkupuo, yaani 12,000,000. Jumla 18,000,000. Benki zikaingia 16,200,000. Mzee alitegemea 16,800,000, yaani kodi ya asilimia 10 ikatwe kwenye zile 12,000,000 tu, kwa sababu dalali alimhakikishia kwamba kilemba ni shukrani tu, hakikatwi kodi. Akataka kujua laki sita zake ziko wapi. Kwa simu hatukuelewana, nikaamua kumwandikia barua. Sehemu kubwa ya barua ile ni hii:

“Shikamoo Mzee. Mpangaji hakukudhulumu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inapoeleza pango, inahesabu humo na kilemba, pamoja na malipo mengine ya kutumia jengo. Mkiyaandika kwenye karatasi mbili tofauti, bado ni pango. Kwa hiyo kodi ya zuio, ambayo mpangaji huikata kabla ya kukulipa na ni asilimia 10 kwa mwenye jengo mkazi wa Tanzania, inakatwa kwenye 18,000,000 yote. Hiyo ni 1,800,000, na iliyobaki ndiyo 16,200,000 uliyopokea.

Umeuliza kwa nini akate ya miaka miwili wakati mwaka wa pili haujaanza. Kodi ya zuio hufuata malipo, haifuati miezi. Siku pesa inapolipwa, kodi inakatwa kwenye kiasi chote kilicholipwa, na mpangaji anatakiwa kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi ule kuisha. Kwa kuwa unapokea pango kama mtu binafsi, si kama biashara, makato hayo ndiyo kodi ya mwisho ya mapato juu ya pango hilo. Ungelipwa mwaka mmoja mmoja, kila mara ungekatwa asilimia 10 ileile, na jumla isingebadilika. Ila usitegemee kutoa humo gharama za rangi au bati, kwa sababu kodi ya mwisho inahesabiwa kwenye pango lote kabla ya gharama.

Naomba umdai mpangaji cheti cha zuio. Angalia jina lako, TIN yako na kiasi cha malipo. Ukikuta kimeandikwa 12,000,000, ujue kodi ya kilemba haimo kwenye cheti, hata kama wewe ulipokea pungufu.”

Alinyamaza kwa muda mrefu. Baadaye akaenda kukichukua cheti, akakuta 18,000,000, na yale maneno juu yangu yakakoma. Kuniomba radhi hakuniomba, lakini mkataba mpya ameniletea mimi.

Sasa niwaambie ninyi mnaojenga fremu kama mimi ninavyotamani kujenga: acheni kuandika kwenye mkataba “pesa mkononi” bila kupiga hesabu. Mzee alitaka safari hii apokee 18,000,000 kamili. Inawezekana, lakini kodi ambayo mpangaji anakubali kukulipia nayo ni sehemu ya pango. Unagawa 18,000,000 kwa 0.9, unapata 20,000,000. Hilo ndilo pango la kuandika, na kodi yake ni 2,000,000. Wengi huchukua asilimia 10 ya 18,000,000, wakabaki na pengo la laki mbili ambalo mtu atakuja kulidai. Na mpangaji aliyesahau kukata bado anadaiwa na TRA, kisha ana haki ya kuja kuidai kwako. Usishangilie kupokea pesa nzima.

Amana ya kurudishwa iandikwe peke yake, na masharti ya kuirudisha yaonekane. Ikichanganywa na kilemba, utashindwa kueleza kwa nini haikukatwa.

Anayepangisha kama biashara au kupitia kampuni asiichukue barua hii kama ilivyo. Kwake asilimia 10 ni malipo ya awali tu, na pango linaingia kwenye ritani ya kodi ya mwaka pamoja na gharama zake. Mtu binafsi mwenye biashara anayehesabu mapato kwa pesa iliyopokelewa anaweza kujikuta miaka miwili ya pango imeangukia mwaka mmoja na kumpandisha hadi daraja la asilimia 30. Huyo ndiye mwenye sababu ya kumwomba mpangaji alipe mwaka mmoja mmoja.