Maswali na majibu: Zile dakika tatu kabla kitambaa hakijatolewa

Wadau wa Kigoma habari zenu. Maswali ya uzinduzi yamekuja mengi, nimeyachukua haya matano maana yote yanagusa sehemu moja, ule utangulizi wa tukio kabla watu hawajaiona bidhaa. Hii kazi ya uemsii naifanya hapa mjini na nimeona shughuli nzuri zikifia pale pale mwanzoni.

Kaka, nimepewa uemsii kwenye uzinduzi wa mawese ya kopo la mdomo mpana. Bosi anataka nifungue na historia ya kampuni. Nifanyeje? (Mwanga)

Muombe bosi kwa heshima historia aje aiseme mwenyewe baadae, dakika tano zinamtosha. Mtu aliyekaa kwenye kiti muda huo hana sababu ya kujali kampuni ilianza lini. Ila kero yake anaijua, sasa wewe anza na kero, na bahati yako hiyo bidhaa imebeba kero ambayo kila nyumba ya Kigoma inaijua. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kukiwa na baridi mawese yanaganda, na sisi mawese tunanunua kwenye chupa za maji zenye mdomo mwembamba, kwahiyo mama anaanika chupa juani au anaitumbukiza kwenye maji ya moto, akiwa na haraka anaikata kwa kisu.

Basi panda na chupa kama hiyo mkononi, mawese yakiwa yameganda. Usisalimie tena, salamu zimeshapita. Uliza tu: "Nani hapa ameshawahi kukata chupa ya mawese kwa kisu?" Halafu nyamaza. Kweli nyamaza, hesabu moyoni mpaka tano, mikono itanyooka na kina mama wataanza kucheka na kuambiana yao. Fungua kifuniko, igeuze chupa kichwa chini mbele yao, hakitoki kitu. Iache hivyo hivyo huku unaongea taratibu, kwamba huyu mama ana mboga jikoni, watoto wanachelewa shule, na mafuta anayo lakini hayamfikii. Gusa ule mdomo wa chupa kwa kidole, sema: "Kuna watu wamekaa wakaufikiria huu mdomo. Walichofanya kipo chini ya kile kitambaa." Basi, shuka. Neno kopo usilitaje, bei usiitaje, jina la bidhaa pia usilitaje.

Sasa angalizo, na hapa ndo wengi wanaumbuka. Ukumbini mchana kuna joto, mawese yatayeyuka. Yalaze kwenye friji usiku mzima, kesho yake yabebe kwenye deli lenye barafu na uyatoe dakika unapoitwa, sio kabla. Minya ubavu wa chupa, ukibonyea ujue pembeni yameanza kulainika na ukigeuza yatateleza yote yakumwagikie kwenye viatu. Beba chupa mbili.

Mgeni rasmi wetu ni mkuu wa wilaya, na itifaki inakula karibu nusu saa. Nitaanzaje na msisimko hapo? (Kasulu)

Usipambane na itifaki, ipe nafasi yake kwanza iishe. Mgeni aingie, wimbo wa taifa, sala, utambulisho wa meza kuu, watu wakae. Utangulizi wako uje hapo, ukiuweka kabla utakatwa katikati na watu kusimama kumpokea mgeni na ukishakatwa haurudi tena. Baada yako aje mtu wa kampuni kwa ufupi, halafu mgeni rasmi, halafu kitambaa hapo hapo mgeni akiwa bado amesimama. Mimi kipimo changu ni dakika 25 toka nimalize mpaka kitambaa kitoke, ikizidi hapo naona watu wameshainama kwenye simu.

Na kitu kimoja kilinikuta mwenyewe kikaniuma sana. Nimefungua vizuri, ukumbi mzima unakitolea macho kitambaa, mgeni rasmi akasimama akasoma hotuba aliyoandikiwa na kampuni yenyewe, aya ya kwanza ina jina la bidhaa, ujazo na bei! Kosa halikuwa lake, alisoma alichopewa. Toka siku hiyo hotuba ya mgeni naomba niione siku mbili kabla, na zile sentensi zinazoitaja bidhaa tunazihamishia mwisho kabisa, baada ya kitambaa.

Naweza kufanya kama Steve Jobs alivyofanya kwenye aifoni? (kijana wa Ujiji)

Unaweza ila elewa alichofanya. Tarehe 9 Januari 2007 pale San Francisco alianza kwa kusema hii siku ameisubiri miaka miwili na nusu. Akawakumbusha watu kompyuta ya Macintosh ya 1984 na aipodi ya 2001, yani vitu ambavyo walishavishika. Ndo akasema leo ana vitu vitatu: aipodi ya kugusa kwa kidole, simu, na kifaa cha intaneti, akawa anavirudia vile vitatu mpaka watu wenyewe wakashtuka kumbe ni kitu kimoja. Hakuwapa jibu mapema, aliwaacha walifikie.

Hicho cha mwisho chukua. Ile ya kukumbushia mafanikio ya nyuma usiiguse kama hii ndo bidhaa ya kwanza ya kampuni yako, maana huna cha kukumbushia. Pia usiseme bidhaa itabadilisha maisha ya Wanakigoma wote halafu kitambaa kikitoka ni kopo. Kopo ni zuri tena sana, lakini kwa mtu aliyeahidiwa maajabu litaonekana dogo. Ahidi ukubwa ule ule wa kero uliyoionyesha. Ukionyesha mdomo wa chupa, watu watasubiri mdomo, na wakiuona kijiko kinaingia watapiga makofi wenyewe.

Tulifunika bidhaa vizuri tu, kitambaa kilipotoka hakuna aliyeshtuka. Tatizo nini? (Kibondo)

Nadhani walishaiona mlangoni. Siku ya shughuli ingia ukumbini kama mgeni, kuanzia getini mpaka kwenye kiti: baneri ina picha gani, tisheti za wahudumu zimeandikwa nini, makatoni yamerundikwa wapi, kadi ya mwaliko iliyozunguka wasap inaonyesha nini. Kitambaa nacho, kama ni chepesi kinachora umbo la kitu chote, weka boksi juu ya bidhaa kwanza ndo ufunike.

Mgeni rasmi kachelewa masaa mawili, watu wamechoka, nisome utangulizi wangu wote? (Mwanga tena)

Hapana ndugu yangu. Wakati mnasubiri usiuguse kabisa utangulizi hata kama watu wa kampuni wanakusukuma uchangamshe ukumbi, mpe dijei kazi na watu wapewe maji. Mgeni akifika na itifaki ikiisha, kata yale maelezo yote ya katikati, baki na swali la kisu, chupa kichwa chini, na ile sentensi ya kitambaa. Dakika moja. Ndo maana nilikwambia chupa mbili, ile ya kwanza kama ulishaitoa saa hizo itakuwa imeshayeyuka, ya pili isitoke kwenye barafu mpaka dakika unapoitwa.