Jibu kwa kaka wa Tabora: mtoto wa nne, mume anataka, mke hataki

"Nina miaka 46, mke wangu 40, tunaishi Tabora mjini na tuna watoto watatu. Natamani wa nne kabla muda haujatupita, lakini mke wangu anasema mwili umechoka na fedha haitoshi. Kila tukizungumza tunaishia kununiana. Waliopitia hili walifanyaje?"

Kaka, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, na katika ndoa yangu nilikuwa upande wa mke wako. Nilikuwa na miaka 39, mume wangu 47, na watoto wetu walikuwa watatu, wote wa kike. Mume wangu ananunua dagaa pale mwalo wa Kibirizi na kuwasafirisha, kwa hiyo kipato chake hupanda wakati wa giza na kushuka wakati wa mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa taa hawaingii ziwani mwezi ukiwa mkubwa. Nakueleza tulivyofanya, nawe utachukua kinachofanana na hali yenu.

Kwa muda mrefu tulibishana juu ya fedha, na mabishano hayo hayakuwa na mwisho, kwa kuwa kila nilipotaja gharama yeye alitaja jamaa aliyesomesha watoto saba kwa jembe la mkono. Mambo yalibadilika siku nilipoacha kumpinga na kumwuliza kitu kimoja tu: huyo mtoto wa nne unamtaka kwa sababu gani? Moyoni nilikuwa na hakika kwamba atasema anatafuta mtoto wa kiume, maana hata mama mkwe alikuwa ameshaligusia jambo hilo kwa mafumbo. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mama Zawadi, kwetu tulizaliwa tisa, leo tumebaki wawili. Watatu naona ni wachache mno." Hofu yake ilikuwa msiba, wala haikuwa urithi wa jina. Tangu hapo nilijua ninazungumza na nani, na yeye pia alinisikiliza nilipomweleza hofu yangu, ambayo nayo haikuwa fedha kwanza.

Hofu yangu ilikuwa presha. Mimba ya tatu nilifika mwezi wa nane nikiwa nimevimba uso na mikono, kichwa kinauma upande wa mbele, na macho yanaona vimulimuli. Mkojo ulipopimwa ukakutwa na protini, nikalazwa na kujifungua kabla ya wakati. Hicho ndicho wahudumu wa kliniki wanachokiita dalili za kifafa cha mimba. Mume wangu aliyakumbuka yale kama tukio lililokwisha, kwa kuwa mtoto alitoka salama. Tulipokwenda pamoja kituo cha afya, nesi alimweleza mambo ambayo mimi nilishindwa kuyaeleza nyumbani bila kulia: kwamba mwanamke aliyewahi kupata tatizo hilo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kulipata tena, na kwamba umri wa miaka 40 unaongeza uzito juu ya hatari hiyo. Hakusema haiwezekani. Alisema ingebidi nianze kliniki mapema sana, nipimwe presha na mkojo mara nyingi kuliko kawaida, na daktari aamue mapema, kabla mimba haijafika nusu, kama nianzishiwe dozi ndogo ya aspirini ya kupunguza hatari hiyo. Aliongeza kwamba mama anayetumia dawa za presha kila siku asishike mimba kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo, kama losartani na kaptoprili, humdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa mapema.

Kuhusu umri peke yake alikuwa mkweli na hakututisha. Katika umri wa miaka 40, takribani mimba moja kati ya tatu huharibika. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa wa Dauni, ambao ni kama mmoja kati ya 350 mama akiwa na miaka 35, hufika kama mmoja kati ya 100 akiwa na miaka 40. Maana yake ni kwamba watoto 99 kati ya hao 100 hawana tatizo hilo, na mume wangu alilisema hilo papo hapo, akiwa na haki ya kulisema. Ila pia alisikia, kwa mara ya kwanza, kwamba mimba ikitoka ni mimi nitakayesafishwa na kurudi darasani.

Baada ya hapo ndipo fedha ikazungumzika, na haikuzungumzika kwa ujumla. Ukitaka kuona kama mtoto anatosha katika kipato chenu, msijumlishe gharama za maisha yake yote, kwa sababu hakuna anayeweza kuzijua. Angalieni sehemu mbili tatu ambazo nafasi ni finyu tayari.

Kwetu ya kwanza ilikuwa kadi ya bima. Bima ya mtumishi, kama ilivyokuwa inatuhudumia, ilibeba mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wanne. Wategemezi wangu walikuwa watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye huchukua dawa za sukari kila mwezi. Kwa hiyo mtoto wa nne angeingia kwenye kadi mama akitoka. Naomba uamini kwamba jambo hili dogo lilitufanya tutazamane kuliko hesabu zote tulizowahi kufanya, kwa kuwa lilikuwa na jina na sura ya mtu, na hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka kwa urahisi.

Ya pili ilikuwa miezi ya kwanza ya mtoto. Sheria ya ajira inanipa likizo ya uzazi ya siku 84, yaani wiki 12, na nikirudi kazini naruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita kuna pengo, na pengo hilo huzibwa na dada wa kazi, ambaye lazima alipwe, au na bibi, ambaye kwetu alikuwa mgonjwa. Shule yangu iko mbali na nyumbani, hivyo hizo saa mbili zingeishia njiani.

Ya tatu ilikuwa ziwa lenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na katika kipindi chote hicho tuliishi kwa mshahara wangu. Lengo la kufunga ni jema na sina ugomvi nalo. Lakini mume wangu aliona mwenyewe jinsi daftari la duka la jirani lilivyojaa jina letu, huku mkubwa wetu akihitaji sare, madaftari na chakula cha shuleni, kwa maana ada imefutwa ila vitu hivyo havijafutwa.

Nguvu ndiyo iliyobaki, na wanaume wengi huipita haraka, kaka yangu, kwa kuwa haionekani kwenye risiti. Tulichukua karatasi ya daftari la mwanafunzi tukaandika siku ya kazi ya kila mmoja wetu tangu kuamka. Yangu ilianza saa kumi na moja kasoro, kuwasha mkaa, maji, chai, kuwavalisha, barabara, darasa la watoto wengi, kurudi, kupika, kukagua madaftari ya wanafunzi hadi saa nne usiku. Yake ilianza saa tisa usiku mwaloni na kumalizika mchana, akalala, akarudi kupanga mizigo. Tukamweka mtoto mchanga katikati ya karatasi ile: analia saa saba usiku, nani anaamka? Mume wangu alishika kalamu akatafuta mahali pa kuandika jina lake, na saa hizo mtu wa mwaloni ama ndiyo kwanza amelala ama anajiandaa kutoka. Hakupata. Aliiweka kalamu chini akasema tu kwamba ameelewa.

Fanyeni zoezi hilo nanyi, ila wewe uandike siku ya mke wako kwa namna unavyoiona, naye aandike yako, kisha mbadilishane na kusahihishana. Na pigeni hesabu ya umri pia. Ukipata mtoto mwakani utakuwa na miaka 47, na kama umeajiriwa serikalini utastaafu kwa lazima ukiwa na miaka 60, wakati mtoto ana 13 na ndiyo kwanza anaingia sekondari. Hesabu hiyo haikukatazi kuzaa. Inakutaka useme leo ada ya chuo itatoka wapi, kama ni shamba, nyumba ya kupangisha au kiinua mgongo, na kama mke wako anakubali kiinua mgongo kielekee huko.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo, kwa sababu nimeona nyumba mbili za jirani zikivunjika kwalo. Uamuzi usiibwe. Mke asiweke sindano kwa siri, na mume asimshinikize mke atoe kijiti ili "Mungu aamue". Sisi kijiti changu kilikuwa kinakaribia kwisha muda wake wa miaka mitatu, tukakubaliana kwamba tarehe ile ya kukibadilisha ndiyo siku ya mwisho ya mjadala. Ukomo huo ulisaidia sana, kwa kuwa katika umri huu kuahirisha pia ni kuamua, na mnaahirisha huku kila mwaka ukipunguza uwezekano wa mimba na kuongeza hatari yake.

Tuliamua kutozaa. Sitakuficha kwamba mume wangu alihuzunika, na huzuni hiyo ilikuwa ya haki, maana kati ya kuzaa na kutozaa hakuna nusu ambayo mngegawana. Kwa maoni yangu, pale ambapo mwili wa mmoja ndio unaobeba hatari, hapana yake ina uzito kuliko ndiyo ya mwingine. Lakini aliyekubali kupoteza asiharakishwe kusahau. Niliacha kumtajia kwamba nilikuwa sahihi. Yeye alimchukua mtoto wa marehemu kaka yake kutoka Kasulu, akawa anakaa nasi wakati wa likizo, na gharama hiyo tuliijadili kwanza kama tulivyojadili ile nyingine.

Mkifikia kukubaliana kutozaa, msikimbilie kufunga kizazi wakati bado kuna hasira, kwa kuwa njia hiyo hairudi nyuma kwa urahisi. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi na hutolewa wakati wowote, hivyo kwa mwanamke wa miaka 40 kinaweza kumfikisha ukomo wa hedhi. Mkikubaliana kuzaa, mke aanze vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba, wala asisubiri kliniki ya kwanza. Na kabla ya lolote kati ya hayo mawili, kaka, mpeleke akapimwe presha na sukari, uingie naye chumbani, na umwache yeye ndiye aulize maswali ya kwanza.